Skana Inalia, Namba Haziji

Msomaji anayeifahamu Pumwani anajua jinsi kaunta za Majengo zilivyobadilika. Mtaa huu ulianzishwa na serikali ya kikoloni mwanzoni mwa miaka ya 1920, na kwa muda mrefu duka la hapa lilikuwa dirisha lenye nondo, mizani na daftari la mkopo. Leo, kuanzia upande wa Gikomba hadi barabara ya General Waruinge, si ajabu kukuta mbele ya rafu za unga na sabuni kompyuta iliyotumika kwanza Ulaya, printa ndogo ya risiti, na skana ya kusoma msimbopau, yaani ile mistari myeusi iliyochapwa kwenye pakiti. Na pamoja na skana limekuja lalamiko ambalo mafundi wa kompyuta wa Eastlands wamelizoea: inalia vizuri, taa inawaka, lakini kwenye programu ya mauzo zinatokea alama zisizosomeka, au hakitokei kitu chochote.

Wengi hukimbilia kununua nyingine. Ni pesa inayouma, maana skana mpya ikichomekwa kwenye kompyuta ileile mara nyingi hufanya vilevile.

Cha kwanza cha kusikilizwa ni ule mlio. Skana hailii kwa sababu imeona mistari. Inalia baada ya kuisoma na kuikubali. Msimbo wa kawaida wa bidhaa za dukani una tarakimu 13, na ile ya mwisho haielezi bidhaa yoyote. Kazi yake ni kuzichunga zile 12 zilizotangulia. Chukua pakiti ya ndengu iliyopimwa na kufungwa dukani, ikabandikwa stika ya duka lenyewe yenye namba 2001234567893. Namba zinazoanza na 20 hadi 29 zimeachwa kwa matumizi ya ndani ya duka kama haya, wakati zile za kampuni zilizosajiliwa Kenya huanza na 616 na za Tanzania 620. Skana inajumlisha tarakimu ya kwanza, ya tatu, ya tano, ikiruka moja moja hadi ya kumi na moja, inapata 22. Inarudi kujumlisha ya pili, ya nne, hadi ya kumi na mbili, inapata 25, inazidisha mara tatu, zinakuwa 75. Jumla ni 97. Ili kufika 100 zinapungua 3, na 3 ndiyo tarakimu ya mwisho kwenye stika. Hesabu imekubali, skana inalia. Kama stika ingekuwa imechafuka hata 7 ikasomwa kama 1, hesabu ingegoma na skana ingenyamaza.

Kwa hiyo mlio ukisikika, jicho la skana limeshafanya kazi yake, na namba iliyo ndani yake ni sahihi. Kama kuna kosa, limetokea njiani, kati ya skana na programu. Ipo misimbo inayoweza kuikwepa kanuni hii, hasa ile mipana ya kwenye katoni, ambayo husomwa nusu mwale ukiikata kwa mshazari na skana ikiwa haikuwekewa urefu wa kutarajia. Lakini kwa pakiti ya majani ya chai au mche wa sabuni, kanuni inasimama.

Sasa njiani kuna nini? Hapo ndipo pa kukaa kidogo, kwa sababu karibu kila mtu hudhani skana huipelekea kompyuta namba. Haipeleki namba. Skana nyingi za dukani hutoka kiwandani zikiwa zimepangwa kujifanya kibodi. Ikisoma 2, inaiambia kompyuta kwamba kitufe fulani cha safu ya juu kimebonyezwa na kuachiliwa. Ikisoma 0, inataja kitufe kingine cha safu hiyohiyo. Inataja mahali pa kitufe, na haitaji kile kilichoandikwa juu yake. Kompyuta ndiyo inayoamua kwamba kitufe cha mahali pale kinaandika nini, na inaamua kwa kuangalia mpangilio wa kibodi uliochaguliwa ndani ya Windows.

Desturi hii ina umri. Kabla ya tundu la USB kuenea, skana ilichomekwa katikati, waya wa kibodi ukiingia kwenye skana na waya wa skana ukiingia kwenye kompyuta, hivyo kompyuta haikujua nani amebonyeza. Faida yake ilikuwa kubwa na bado ipo: programu yoyote inayopokea maandishi ya kibodi inapokea skana bila kubadilishwa hata kidogo. Hasara yake ni kwamba skana imerithi matatizo yote ya kibodi, hata yale ambayo muuzaji mwenyewe hayaoni kwa sababu vidole vyake vimeshazoea.

Duka moja la vyakula la Majengo linatosha kuonyesha. Mwenye duka alinunua laptopu iliyotumika, ikiwa imetoka Ufaransa. Aliyeiuza aliibadilisha Windows ikawa inasema Kiingereza kila mahali, kuanzia menyu hadi ujumbe wa kuzima. Kwa kuwa vitufe vya laptopu vilikuwa na herufi za Kifaransa, wakachomeka kibodi ya nje ya Kiingereza, ile yenye kisanduku cha namba upande wa kulia, na laptopu ikafungwa nusu ikakaa chini ya kaunta. Lugha ya kusomea ilikuwa imebadilika. Mpangilio wa kibodi haukuguswa. Ndani kabisa ulibaki wa Kifaransa. Na kwa kuwa ulikuwa ni huo mmoja tu, Windows haikuonyesha ile alama ndogo ya lugha pale chini kulia, ambayo hutokea mipangilio inapokuwa zaidi ya mmoja.

Kwenye mpangilio wa Kifaransa, safu ya juu haiandiki tarakimu kwa kubonyeza tu. Tarakimu zinapatikana kwa kushikilia kitufe cha `Shift`. Bila hicho, vitufe vilevile vinatoa alama na herufi zenye lafudhi. Skana iliyopangwa kwa Kiingereza haijui hilo. Inabonyeza bila `Shift`, kama ilivyofundishwa. Hiki ndicho kilichosomwa kwenye stika ya ndengu, na chini yake ndicho kilichofika kwenye skrini:

```
2001234567893
éàà&é"'(-è_ç"
```

Mtu akizitazama safu mbili hizi kwa makini anaona kwamba hakuna fujo. Kila 2 imekuwa é. Kila 0 imekuwa à. Kila 3 imekuwa alama ya kunukuu. Alama ni 13, sawasawa na tarakimu. Uharibifu wa kweli, wa waya uliokatika au jicho lenye mkwaruzo, hauna utaratibu wa namna hii. Bidhaa za Kenya zinazoanza na 616 zitaanza na `-&-` kwenye kompyuta kama hiyo, kila mara, na mtu aliyewahi kuiona alama hiyo mara moja ataitambua akiwa bado mlangoni.

Mwenye duka alikuwa na hoja yake, na ilikuwa hoja ya haki. "Fundi, hii skana ndiyo mbovu. Mimi nikiandika namba kwa mkono zinakuja bila shida." Kijana aliyekuja kutazama hakubishana naye. Alimwomba tu: "Mama, hebu ziache hizo za pembeni. Andika kwa zile za juu." Mama akabonyeza moja, mbili, tatu kwenye safu ya juu, na skrini ikaandika `&é"`. Siku zote alikuwa akiandika bei kwa kisanduku cha kulia, ambacho hakibadiliki iwe Kifaransa au Kiingereza. Skana inatumia safu ya juu, na safu ya juu alikuwa hajaigusa hata siku moja.

Dalili nyingine zilikuwepo, zikapewa maelezo mengine. Mhudumu wake, binti wa zamu ya mchana, alishazoea kwamba akitafuta bidhaa kwa jina, sabuni inakuja `sqbuni` na maziwa yanakuja `,qwizq`. Alidhani kibodi imechoka. Kumbe ni mpangilio uleule: mahali pa A kuna Q, mahali pa W kuna Z, na mahali pa M kuna mkato.

Lililowachanganya zaidi ni kwamba kuna siku skana ilikuwa ikifanya kazi bila kosa. Asubuhi nzima inaandika vizuri, mchana inaleta alama, asubuhi ya pili inarudi kuwa nzima. Wakaanza kulaumu umeme, kisha joto, kisha waya. Chanzo kilikuwa `Caps Lock`. Ndani ya Windows, mpangilio wa Kifaransa unaichukulia `Caps Lock` kama `Shift` iliyoshikiliwa hata kwenye safu ya namba. Mhudumu wa asubuhi alipenda kuandika majina ya bidhaa kwa herufi kubwa, akaiacha `Caps Lock` imewaka, na bila kujua akawa anaiponya skana. Wa mchana aliizima, ugonjwa ukarudi. Mtu akisikia kwamba skana inabadilika kufuata zamu, ni busara aitazame taa ya `Caps Lock` kabla ya kugusa waya wowote.

Kuna programu zinazouficha ugonjwa huu kabisa. Kisanduku cha msimbo kinaweza kuwa kimeandikwa kipokee tarakimu tu na kutupa kila kingine. Hapo alama zote 13 zinatupwa moja baada ya nyingine, kisanduku kinabaki kitupu, na mwenye duka anasema kwa ukweli kabisa kwamba skana haiandiki kitu. Ndiyo sababu haifai kuanza uchunguzi ndani ya programu ya mauzo. Inafunguliwa Notepad, ukurasa mtupu usiochagua wala kutupa, kishale kinabofywa ndani yake, kisha skana inaelekezwa kwenye pakiti moja ambayo namba yake inasomeka kwa macho.

Kinachotokea pale kinagawa njia. Tarakimu zote 13 zikija sawa, skana na mpangilio havina neno. Tatizo liko kwenye programu, na la kawaida kuliko yote ni kwamba kishale hakikuwa kwenye kisanduku cha msimbo pakiti iliposkaniwa, namba zikaangukia kwenye bei au kwenye jina la mteja. Zikija alama badala ya tarakimu, ni mpangilio. Isipokuja hata nukta moja ilhali skana imelia, hilo ni jambo la tatu, na litafikiwa punde.

Dawa ya mpangilio ina milango miwili. Wa kwanza ni kuibadilisha kompyuta. Kwenye Windows 11 mtu anafungua `Settings`, kisha `Time & language`, kisha `Language & region`. Anabofya vidoti vitatu mbele ya lugha iliyopo, anachagua `Language options`, na chini ya `Keyboards` anaongeza `US`. Baada ya hapo ndipo anaondoa ule wa Kifaransa, kwa sababu Windows haikubali kubaki bila mpangilio wowote. Kuongeza bila kuondoa ni kazi nusu: mipangilio miwili ikibaki, vidole vikigusa `Windows` na `Space` pamoja, kompyuta inahama kimyakimya kutoka mmoja kwenda mwingine. Na kama wahudumu wawili wanaingia kwa akaunti tofauti, kila akaunti inarekebishwa peke yake.

Mlango wa pili ni kuibadilisha skana ifuate kompyuta. Kwa kawaida skana huja na kijitabu chenye misimbo ya kuipanga, na mmojawapo umeandikwa `French Keyboard` au neno la karibu na hilo. Skana ikisoma msimbo huo, kuanzia hapo inashikilia `Shift` yenyewe kila inapotaka tarakimu. Njia hii inamfaa mfanyabiashara anayehitaji Kifaransa kweli, kama Mkongo anayeuza vitenge na kuwaandikia wateja wake wa Goma au Bukavu kwa mashine aliyokuja nayo. Lakini ina mtego wake: `Caps Lock` ikiwaka, mambo yanapinduka, na skana iliyokuwa ikiandika vizuri inarudi kwenye alama. Mashine ya Kibelgiji nayo ina tofauti yake ndogo inayosaidia kuitambua: 6 inakuja kama `§` badala ya kistari, na 8 inakuja kama `!`.

Kwa duka la kawaida la Pumwani, ambamo hakuna anayeandika Kifaransa, ni bora kuirekebisha kompyuta. Skana ikiharibika siku moja, nyingine yoyote itakayonunuliwa itafanya kazi ikitoka tu kwenye boksi. Ukiipanga skana ifuate kompyuta iliyokosewa, kosa linabaki limejificha likimsubiri fundi anayefuata.

Majengo ina hali nyingine ambayo haiko mitaa mingi ya Nairobi. Ni mtaa wa Waislamu wa siku nyingi, wenye madrasa, na si ajabu kijana wa nyumbani akaongeza mpangilio wa Kiarabu kwenye kompyuta ya duka ili aandike kazi zake usiku. Mpangilio huo, kwa kawaida, hauharibu tarakimu za safu ya juu. Unga, mafuta na sabuni vinasomwa kama kawaida, na hakuna anayeshtuka. Shida inaonekana kwenye stika za duka zenye herufi. Stika ya nguo yenye N0457 inafika ikiwa imeanza na alifu yenye madda, tarakimu zikiwa salama, na programu inajibu kwamba haiijui bidhaa hiyo. Ikiwa vitu vya kiwandani vinapita na vile vyenye stika ya duka yenye herufi vinakwama, inatosha kubonyeza `Windows` na `Space` na kutazama kilichochaguliwa.

Sasa lile la tatu: skana inalia, na hata Notepad inabaki nyeupe. Hapa mpangilio hauhusiki. Skana imeacha kujifanya kibodi.

Skana nyingi zina hali zaidi ya moja ya kufanya kazi. Mbali na hali ya kibodi, ipo hali ya kujifanya mlango wa mawasiliano, ule unaoitwa COM, ambapo namba zinapelekwa mahali ambapo programu maalumu tu inajua kuzisubiri. Skana ikiwa hivyo, inasoma, inalia, inapeleka, na hakuna anayepokea. Namna ya kuthibitisha ni kufungua `Device Manager` na kuichomoa skana kisha kuichomeka tena huku macho yakiwa kwenye skrini. Kinachotoweka na kurudi chini ya `Keyboards` ni kibodi. Kikitoweka na kurudi chini ya `Ports (COM & LPT)`, kwa jina kama `USB Serial Device (COM3)`, basi skana imehama. Kuirudisha ni kuskani msimbo mmoja kwenye kijitabu chake, ambao huandikwa `USB Keyboard`, `HID Keyboard` au `USB-KBW` kulingana na mtengenezaji. Kijitabu kiwe cha skana hiyohiyo. Misimbo ya kupanga haifanani kati ya kampuni na kampuni, na msimbo wa mwingine unaweza kukosa kufanya lolote au kubadilisha jambo usilolitaka.

Inahamaje yenyewe? Mara nyingi ni kijitabu hichohicho. Kimejaa misimbo iliyopangwa karibu karibu, kimelala juu ya kaunta, na skana haijui tofauti ya msimbo wa maziwa na msimbo wa amri. Mtoto akicheza nacho dakika moja anaweza kubadilisha lugha, kuzima mlio na kuhamisha hali, vyote kwa mpigo. Kijitabu kinastahili kukaa kwenye droo, na ukurasa wenye `USB Keyboard` ukunjwe pembe.

Skana zisizo na waya, zile zenye kipokezi kidogo kinachochomekwa kwenye kompyuta, zina hali nyingine tena, ya kuhifadhi. Kwenye vijitabu huitwa `Inventory Mode` au `Storage Mode`. Imekusudiwa mtu anayehesabu bidhaa ghalani mbali na kompyuta: anaskani rafu nzima, namba zinakaa ndani ya skana, akirudi anaskani msimbo wa `Upload` na zote zinamwagika kwenye skrini. Skana ikiingia hali hiyo kwa bahati mbaya wakati wa mauzo, inalia kila pakiti kama kawaida na haiandiki kitu. Namba hazijapotea. Kinachotakiwa ni kufungua Notepad kwanza, kishale kikiwa ndani, ndipo uskaniwe `Upload`. Anayefanya hivyo programu ya mauzo ikiwa mbele atajikuta na risiti moja yenye bidhaa zote za mchana. Mwisho unaskaniwa msimbo wa hali ya kawaida, `Normal Mode`.

Yapo makosa madogo yanayofanana na haya, na hayahitaji maneno mengi. Tarakimu zote zikija sawa kwenye kisanduku lakini bidhaa isiingie kwenye risiti mpaka mtu abonyeze `Enter`, skana haikupangwa kumalizia na `Enter`, na kijitabu kina msimbo wa kuongeza hilo. Tarakimu moja au mbili zikikosekana kila mara mahali tofauti, skana inaandika haraka kuliko kompyuta inavyoweza kupokea, jambo la kawaida kwa mashine nzee au programu inayotumiwa kwa mbali kupitia mtandao. Nyingi zinaweza kuwekewa pumziko kati ya herufi na herufi, kwa mfano sehemu 20 au 40 za elfu za sekunde, na mnunuzi wa kaunta hataona tofauti. Na bidhaa za Marekani zina tarakimu 12, mfumo ambao ulianza kazi dukani tarehe 26 Juni 1974 kwa pakiti ya chingamu katika duka la Marsh mjini Troy, Ohio. Skana moja huzituma zikiwa 12, nyingine huongeza 0 mbele zikawa 13, na duka likibadilisha skana bidhaa hizo pekee ndizo zinazokataa kutambuliwa.

Linabaki jambo ambalo hufanyika baada ya kurekebisha, na ndilo linalosahaulika. Katika duka lile la Majengo, kwa wiki kadhaa wahudumu walikuwa wakisajili bidhaa mpya kwa skana. Zilizosajiliwa zamu ya asubuhi, `Caps Lock` ikiwaka, ziliingia na tarakimu zake. Zilizosajiliwa mchana ziliingia zikiwa `-&-` na mkia wake, na programu ilizipokea bila kuuliza, kwa kuwa kwake msimbo ni maandishi tu. Kabla ya matengenezo zilikuwa zikiuzwa mchana bila tatizo, alama zikikutana na alama. Mpangilio uliporekebishwa, hizo ndizo zilizogoma, na mama akaanza kusema kwamba fundi ameharibu kilichokuwa kizima.

Kijana alifungua orodha ya bidhaa na kuipanga kwa safu ya msimbo. Zile zenye alama zikajikusanya pamoja, mbali na zenye tarakimu. Kila moja ilifunguliwa, msimbo wake ukafutwa, pakiti ikaletwa kutoka kwenye rafu na kuskaniwa upya kwenye rekodi hiyohiyo. Hakuongeza bidhaa mpya hata moja, na alikuwa na sababu: aina moja ya sabuni ya kufulia ilikuwa tayari imesajiliwa mara mbili, mara moja kwa tarakimu na mara moja kwa alama, na hesabu yake ya stoki ilikuwa imegawanyika. Programu ilionyesha vipande vilivyobaki kwenye rekodi ya kwanza, na deni la vipande chini ya sifuri kwenye ya pili, kwa sababu mchana vilikuwa vikiuzwa kutoka rekodi ambayo haikuwahi kuingiziwa mzigo. Ilibidi vipande vyenyewe vihesabiwe kwa mkono kwenye rafu, idadi hiyo iingizwe kwenye rekodi yenye tarakimu, na ile ya alama ifungwe isiuzwe tena, lakini isifutwe, maana mauzo yaliyokwisha kufanyika yalikuwa yameandikwa kwa jina lake.